Apu au websaiti: lile punguzo la tiketi ya ndege linaishia wapi

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Poa. Tuanze na lile tangazo la "punguzo asilimia 10 ukikata kwenye apu tu", maana wengi wanadhani bei yote inashuka asilimia 10, kumbe tiketi ina nauli yenyewe halafu kuna kodi na tozo za uwanja, na promokodi ya hilo punguzo kwa kawaida inagusa nauli tu.

Tuseme Dar kwenda Mwanza ni 240,000, humo nauli 180,000 na kodi na tozo 60,000. Punguzo ni 18,000, unalipa 222,000, yaani umepunguziwa asilimia 7.5. Sio mbaya, nauli ya bajaji hiyo. Lakini mi huwa naanzia websaiti kwenye laptop, naangalia bei za wiki nzima kwa pamoja, coz ukihama kutoka Ijumaa kwenda Jumanne unaweza ukaokoa kuliko hiyo ofa, nikishapata siku ndo nafungua apu nalipia huko.

Sasa kubadilisha tarehe, hapo apu ni tamu kweli. Unaingia kwenye safari zako, unagusa badilisha, inakuonyesha cha kuongeza kabla hujakubali, basi. Websaiti nayo inafanya hivyohivyo ila mpaka uingize PNR, zile herufi na namba sita, na jina la ukoo, na ukiwa kwenye foleni na simu ina chaji kiduchu ni kero. Ila msichanganye wepesi wa kubonyeza na wepesi wa bei, faini inatoka kwenye masharti ya nauli uliyonunua, apu haina huruma. Chukua ileile tiketi yetu, nauli uliyolipa baada ya punguzo ni 162,000, siku mpya nauli ni 230,000. Tofauti 68,000, weka na ada ya kubadilisha tuseme 30,000, unatoa 98,000, na ile 18,000 yako ya ofa imeshamezwa, kwa sababu mara nyingi promokodi hairudi tena kwenye tarehe mpya. Kwa hiyo kama safari yako bado inayumba, soma masharti kwanza, nauli ya juu kidogo inayoruhusu kubadilisha bure inaweza kukuwia nafuu.

Ndio dada, umeuliza tiketi ya ajenti. Unaweza kuiongeza kwenye apu ukaiona, ila kitufe cha kubadilisha mara nyingi kimezimwa, inabidi urudi kwa ajenti.

Na wale wa kulipa kwa simu, ukitoka kwenye apu kwenda kuweka PIN wakati mwingine ukirudi unakuta ukurasa umekufa na hela imekatwa. Usilipe tena kwanza. Angalia imeili, ukiona PNR tu bila namba ya tiketi, ile ya tarakimu 13, ujue nafasi imeshikwa lakini tiketi haijatoka, wapigie na namba ya muamala mkononi kabla mfumo haujaiachia.