Mayai 54 ya Kwanza Si Yako
(Mhadhara kwa kikundi cha wafugaji, Malindi)

Asalaam aleikum, mama zangu na ndugu zangu. Mwaniuliza vifaranga mia vya kutaga vyalipa? Tupige hesabu. Bei ninazotaja ni za mfano. Wewe tia za duka lako.

Kifaranga cha siku moja tuseme shilingi 130, vyote ni 13,000. Mpaka wiki ya 18, kila mmoja atakula kilo saba hivi: mbili za chakula cha vifaranga, tano za kukuzia. Jumla kilo 700, yaani magunia kumi ya kilo 70. Kilo kwa shilingi 60, hapo 42,000 zimeliwa. Chanjo tuweke 3,000. Mfukoni zimetoka 58,000 na yai hujaliona, banda sijalihesabu.

Hiyo 3,000 ndiyo ndogo kuliko zote, na ndiyo iliyonitia adabu. Mwaka wangu wa kwanza niliitia chanjo ya gamboro ndani ya maji ya mfereji. Kumbe klorini huiua chanjo. Wiki ya nne vifaranga vikajikunyata pembeni, manyoya yamesimama, kinyesi cheupe cha majimaji. Vikafa 31. Siku hizi natumia maji ya mvua, natia kijiko kidogo cha maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, navinyima maji saa moja au mbili kwanza ili vinywe kwa kiu, na yote yaishe ndani ya saa mbili. Chanjo yenyewe husafiri na barafu kutoka dukani, hata kama ni mwendo wa bodaboda dakika kumi.

Haya, tuseme wamebaki 95, wamefika kutaga vizuri. Kuku mmoja hula gramu 120 kwa siku, wote kilo 11.4. Kilo ya chakula cha kutagia kwa 55, ni shilingi 627 kila siku, watage wasitage. Wakitaga asilimia 80 wapata mayai 76. Trei ya 30 ukiiuza 350, ni shilingi 887 hivi. Ulichobaki nacho ni 260. Gawanya 58,000 kwa 260: siku 223, miezi saba na zaidi, ndipo mtaji urudi.

Mama mmoja hapo mbele anacheka. Cheka, lakini sikiza: 627 ni sawa na mayai 54. Hayo ni ya kuku wenyewe, wanalipia chakula chao. Lako laanzia la 55.

Na hapa kwetu joto la kaskazi huwafanya wahaheme, wale kidogo, na mayai yapungue, maganda yawe membamba. Wakishuka kwenye mayai 62 kwa siku, faida yako ni kama 96 tu. Kwa hiyo maji baridi mchana, na chakula kingi wape alfajiri na jioni, jua likiwa limelala. Daftari litundikwe mlangoni pa banda, mayai yaandikwe kila jioni. Ukiona wiki nzima hayafiki 54, na joto limekwisha na hawaumwi, anza kuwatafutia mnunuzi wa nyama.