Kugeuza picha ya mchana kuwa ya jioni: nyumba ya mawe ya Himbi

Karibuni. Nyumba unayoiona kwenye skrini iko Himbi, hapa Goma, na inatafutiwa mpangaji. Ina mabati mekundu, varanda ya nguzo mbili, madirisha matatu yenye grile zilizopakwa rangi nyeupe, na sehemu ya chini ya ukuta imejengwa kwa mawe meusi ya volkano, viungo vyake vikiwa vya saruji nyeupe. Picha ilipigwa mchana. Tunataka ionekane kama saa 12 na robo jioni: anga bado lina bluu, na ndani taa zinawaka.

Kwa nini usingoje jioni yenyewe? Kwa sababu hapa karibu na ikweta jua hushuka wima, na ile bluu nzuri hudumu kama dakika 20 tu. Kuran ikikatika ndani ya dakika hizo, umerudi nyumbani bila picha.

Tunaanza na kuchagua picha, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Jua likishatua hakuna tena kivuli chenye ukingo mkali. Kama kwenye picha yako kuna mstari wa kivuli cha paa ukutani, au kivuli cha mti kimelala uani, hakuna rangi ya bluu itakayouficha. Mtazamaji hatajua kosa ni nini, ila ataona kuna kitu hakikai sawa. Nyumba yetu inatazama kusini, upande wa ziwa, na picha ilipigwa mwezi wa 6. Mwezi huo jua la Goma hupita upande wa kaskazini wa anga, kwa hiyo uso wa nyumba inayotazama kusini hukaa kivulini siku nzima. Nyumba ile ile mwezi wa 12 ungeipiga siku ya mawingu. Kama picha uliyoletewa ina vivuli vikali, omba nyingine. Kuvifuta kutakula saa nyingi kuliko kurudi kupiga.

Fungua faili katika Photoshop, ikiwezekana RAW, na ufanye kazi katika biti 16. Nitataja majina ya Kiingereza yanavyosomeka kwenye skrini. Kama programu yako iko kwa Kifaransa, leya utaiona kwa jina la kalke, lakini mahali pa vitu ni pale pale. Nyoosha kwanza nguzo na kona za nyumba zisimame wima.

Sasa anga, na kabla ya kubofya chochote jiulize kamera inatazama wapi. Hapa mpigaji alisimama uani akiangalia kaskazini, kwa hiyo magharibi iko mkono wake wa kushoto. Na kwa kuwa ni mwezi wa 6, jua huzama kaskazini kidogo ya magharibi, maana yake mwanga wa machungwa unatakiwa utokee nyuma ya kona ya kushoto ya paa, karibu na upeo, na ufifie kuwa bluu kuelekea kulia na juu. Mtu wa Goma anajua jua linashuka upande wa Sake. Ukimwonyesha machweo mekundu juu ya Gisenyi, hata nyumba yenyewe hataiamini.

Nenda `Edit`, kisha `Sky Replacement`. Tumia anga ulilopiga mwenyewe hapa mjini kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 20 jioni. Kama mwanga wake uko kulia, weka alama kwenye `Flip`. Kisha shusha `Lighting Adjustment` na `Color Adjustment` hadi 0, kwa sababu mwanga wa nyumba tutautengeneza wenyewe. Kwenye `Output To` chagua `New Layers`.

Kuza sasa uangalie majani ya mparachichi yaliyo nyuma ya paa. Yana utepe mweupe pembeni, mabaki ya anga la mchana. Ongeza leya mpya juu ya kundi la anga, iweke `Darken`, chukua rangi ya anga iliyo jirani na jani, kisha pitisha brashi laini. Weupe unageuka rangi ya anga, na jani lenyewe haliguswi kwa kuwa tayari ni jeusi kuliko brashi yako.

Kuhusu mwanga mwekundu wa Nyiragongo: kamera inatazama kaskazini, na utatamani kuuweka. Uache. Ziwa la lava lilikauka katika mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, na tangu hapo mwanga wa kreta huja na kupotea. Mpangaji asiukute akidai ulikuwa kwenye picha.

Tunashusha giza. Weka leya ya `Curves` chini ya kundi la anga, si juu yake, la sivyo anga nalo litazimika. Nukta ya juu kulia ishushe hadi `Output` 150. Kisha, kabla hujashangilia, tazama mawe. Yalikuwa meusi tangu mwanzo, sasa yamekuwa doa moja. Fungua paneli ya `Info` kwa `F8` na upitishe kishale juu ya jiwe: namba zikisoma 5 au 6, chembe zake hazitaonekana tena kwenye simu. Ongeza nukta nyingine kwenye mstari, `Input` 35, `Output` 30. Giza linabaki kwenye ukuta mweupe, na mawe yanarudisha matundu yake madogo. Chini ya 12 usiyaache.

Katika leya hiyo hiyo badilisha chaneli. Kwenye `Blue`, nukta ya chini kushoto ipandishe hadi 18. Kwenye `Red`, nukta ya juu kulia ishushe hadi 215. Nyumba inapata ubaridi wa jioni. Usizidishe, ukuta mweupe ukionekana kama umepakwa rangi ya ziwa, umepita.

Giza hilo lisiwe sawa kila mahali. Baada ya jua kuzama, taa kubwa iliyobaki ni anga lenyewe, nalo linamulika kutoka juu. Mabati yanalipokea moja kwa moja, kwa hiyo paa huwa na mwanga kuliko ukuta ulio chini ya varanda. Bofya maski ya leya ya `Curves`, chukua brashi nyeusi laini, `Opacity` 30, na uipitishe juu ya mabati mara moja. Paa jeusi kabisa chini ya anga lenye bluu ni kosa ninaloliona karibu kila picha ya makomisioneri.

Sasa madirisha, na hapa twende polepole.

Kwanza, kioo cha mchana kimejaa taswira: anga jeupe, lango, pengine mpiga picha mwenyewe. Ukiweka mwanga juu yake, taswira hiyo itang'aa nayo. Chagua vioo kwa `Polygonal Lasso`, weka `Curves` ya kwao peke yao, na shusha hadi taswira iwe karibu kupotea.

Kisha weka leya ya `Solid Color`, rangi `#FFB65C`, hali ya `Screen`, na maski ya vioo hivyo hivyo. Dirisha limewaka, lakini linafanana na karatasi ya machungwa iliyobandikwa. Chumba cha kweli kina balbu juu na samani chini. Kwa hiyo chukua brashi nyeusi yenye `Flow` 10 na upunguze mwanga sehemu ya chini ya kila dirisha, na pembeni ambako pazia limekusanyika. Sebule iwe na nguvu kuliko vyumba vya kulala. Dirisha la kulia kabisa liache na nusu ya mwanga wa mengine. Nyumba ambayo kila dirisha linawaka sawasawa hufanana na duka.

Halafu grile. Mchana ni nyeupe mbele ya kioo cheusi. Jioni mambo yanageuka: mwanga uko nyuma yake, kwa hiyo kwa macho yetu zinakuwa fito nyeusi. Wengi wanasahau hili, na grile zinabaki zikimeta kana kwamba zina taa zake. Ongeza leya mpya ya hali ya `Multiply`, chukua rangi ya kijivu chenye bluu, `#3A4352`, brashi ngumu ya unene wa fito. Bofya mwanzo wa fito, shikilia `Shift`, bofya mwisho wake; mstari unanyooka wenyewe. Kwa madirisha matatu itakuchukua kama robo saa. Hakuna njia ya mkato inayofaa hapa.

Mwanga ukitoka dirishani lazima uangukie kitu. Usipake rangi ya machungwa juu ya mawe, maana yatafanana na tope lililokauka. Weka `Curves` mpya, pandisha katikati ya mstari, ongeza `Red` kidogo na punguza `Blue` kidogo, kisha geuza maski iwe nyeusi kwa `Ctrl+I`. Kwa brashi nyeupe laini, `Flow` 8, pitisha chini ya kila dirisha, sakafuni kwa varanda, na kwenye dari yake. Tazama kinachotokea kwenye mawe: saruji nyeupe ya viungo inapokea mwanga kwanza, jiwe lenyewe linapata ukingo tu. Ndivyo ukuta wa mawe unavyoonekana kweli usiku. Mwanga hufifia haraka, umbali ukiongezeka mara mbili unabaki robo, kwa hiyo mita mbili kutoka dirishani brashi yako iwe karibu imekwisha.

Taa ya varanda ipo kwenye picha, balbu moja darini. Weka nukta ndogo nyeupe katikati yake na mviringo hafifu wa njano kuizunguka, basi. Taa ya lango haipo, hivyo hatuiweki. Nguzo ya umeme iliyo kulia nayo haifutwi. Tunabadilisha saa ya siku, hatubadilishi parsele, na chini ya tangazo andika wazi kwamba jioni hiyo imetengenezwa kwa kompyuta.

Imebaki kutoa faili. Anga laini la bluu likibanwa kuwa JPEG hupasuka kuwa mistari kama ngazi, na WhatsApp huibana mara ya pili. Kwa hiyo chagua leya ya anga, nenda `Filter`, `Noise`, `Add Noise`, weka 1.5 na `Monochromatic`. Toa JPEG katika sRGB, upande mrefu pikseli 2048, ubora 80, na umtumie komisioneri kama dokumenti, si kama picha. Kabla ya hapo ifungue kwenye simu yako, mwangaza wa skrini ukiwa nusu. Mawe yakipotea humo, rudi kwenye ile nukta ya `Output` 30 uipandishe hadi 36.