Zamu ya Ijumaa ni ya nani?

Salma: Leo tuko kwenye vyombo, Khamis. Nna watoto watatu hapa Wete, na ile karatasi ya zamu niliyoibandika ubavuni mwa friji, wiki ya tatu tu mkubwa akaja analia.

Khamis: Analia nini, na zamu umegawa mwenyewe?

Salma: Ndipo nilipokosea. Naanza Jumamosi: mkubwa, wa kati, mdogo, kisha narudi kwa mkubwa. Hebu hesabu mpaka Ijumaa.

Khamis: Jumamosi mkubwa... Jumanne mkubwa... Loo! Ijumaa mkubwa tena.

Salma: Siku tatu, wenzake mbili mbili. Na Ijumaa ndiyo ya pilau na wageni, masufuria yote yana ukoko. Kila wiki yeye, maana kila Jumamosi naanza upya na jina lake.

Khamis: Kumbe usianze upya.

Salma: Hasa. Mkubwa akimaliza Ijumaa, Jumamosi anashika wa kati, mwendo mmoja. Ijumaa ya pili inamwangukia wa kati, ya tatu mdogo. Siku 21 zikitimia, kila mmoja kaosha mara 7, na kila siku ya wiki kaionja mara moja. Kwa hiyo karatasi sasa ni ya wiki 3.

Khamis: Wangu wanne, basi itakuwa siku 28. Lakini jirani yangu ana saba!

Salma: Huyo hesabu inamgomea. Saba kwa saba, wa Ijumaa atabaki wa Ijumaa mpaka aolewe. Kila wiki ikiisha lazima asogeze majina hatua moja.

Khamis: Na akiugua mmoja?

Salma: Karatasi haisogei. Anayemshikia anaandikwa pembeni kwa penseli, na mgonjwa akipona anamlipa siku moja. Nilijaribu kusogeza majina yote, wallahi siku ya pili hakuna aliyejua zamu yake.

Khamis: Wangu wao wanagombania vyombo vya usiku. Alhamisi baada ya chakula, mmoja anasema "usiku wa Ijumaa huu, si zamu yangu." Na hajakosea!

Salma: Hajakosea hata kidogo, kwetu siku inaingia magharibi. Kwangu ikawa kila mmoja anamwachia mwenzake sufuria la wali, asubuhi ukoko umekauka kama saruji.

Khamis: Ukaamuaje?

Salma: Nikaifuata hiyo hiyo magharibi. Ikiadhiniwa, zamu imebadilika. Wa Alhamisi anakabidhi karo tupu, wa Ijumaa anaanza na vyombo vya usiku, analiroweka sufuria, asubuhi kabla ya skuli analimalizia. Pilau la mchana ni lake pia.

Khamis: Na sufuria la wageni, huyo mdogo analiweza?

Salma: Ana miaka 8, halinyanyui. Ijumaa yake mkubwa anamsuguia lile moja, na yeye siku hiyo anamfagilia uani. Tena uani kwetu pana mwembe, majani hayaishi. Mkubwa keshaanza kuiulizia Ijumaa ya mdogo.