Oski: siku niliyoshika kengele

Mambo zenu jamani, karibuni tena kutoka huku Uskoti. Kuna mwenzenu mmoja huko nyumbani anasomea uuguzi, kanipigia simu usiku ana hofu na mtihani wa vitendo, huu tunaouita oski. Nikamwambia subiri, mimi mwaka jana nilikaa upande wa pili. Nilipewa kengele.

Oski ilianzia huku huku, Dundee. Profesa Ronald Harden na wenzake waliiandika mwaka 1975, kwa sababu mtihani wa zamani ulikuwa bahati nasibu: wewe unapewa mgonjwa mwepesi na mtahini mpole, mwenzako anaangukia kwa mkali. Kwenye oski wote mnapita vyumba vilevile.

Siku ile tulikuwa na vituo 12 na wanafunzi 12. Kila mmoja anaanzia mlango wake. Aliyeanza cha 5 anakwenda cha 6, akifika 12 anarudi cha 1. Kengele ya kwanza, unasoma karatasi iliyobandikwa mlangoni, dakika 2. Ya pili, unaingia, dakika 8. Zidisha 10 kwa 12, hayo ni masaa mawili kamili bila kupumua.

Kupumua kupo kidogo, maana cha 7 kilikuwa kiti tu na maji. Basi dada mmoja akaona hamna mtahini, akadhani hakimhusu, akapitiliza. Ghafla mlango wa 8 una watu wawili! Bahati ilikuwa bado dakika za kusoma, nikasimamisha saa, tukamrudisha kwenye kiti chake. Angeingia, tungevuruga mzunguko mzima.

Sasa alama. Chukua kituo cha kupima presha. Mtahini ana orodha: umenawa mikono, umeuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, mkono wa mgonjwa uko usawa wa moyo, umeshika mapigo kwanza ndipo ukajaza upepo, unaushusha polepole. Anatiki kimya kimya, hata ukimtazama usoni hupati kitu. Ukishatoka anajaza kisanduku kingine, hukumu yake kwa jumla: umefeli, uko mpakani, umefaulu, umefanya vizuri.

Hicho kisanduku hakikuongezei alama, na hapo ndipo wengi hawaelewi. Kuna njia kadhaa za kukitumia, nyepesi ni hii. Mtihani ukiisha wanawachukua wale wa mpakani tu. Tuseme walikuwa watatu, kwenye tiki 20 wakapata 11, 12 na 13. Wastani ni 12, basi 12 ndiyo alama ya kufaulu ya kituo hicho. Kituo kigumu kitashuka chenyewe, chepesi kitapanda. Kwa hiyo asubuhi ile hata mtahini mwenyewe hajui mstari uko wapi.

Na kengele ya mwisho ikilia, imelia. Niliwasikia wengi wakisema "nilikuwa nataka kunawa" huku mkono uko kwenye kitasa. Hiyo tiki haipo.