Msigawe eneo, hesabuni vipande

Wapambaji wenzangu, wanaonijua wanajua nitaanza wapi. Nitaanza na yule aliyepewa kazi ya kufunika kwa kitambaa dari la ukumbi wa sherehe ya harusi, upana mita 12, urefu mita 18. Akazidisha, akapata 216. Kitambaa kina upana wa mita moja na nusu, akagawa, akapata mita 144. Akashuka Kariakoo, akanunua majora matatu ya mita 50 na kurudi anapiga mluzi.

Hesabu yake ni sahihi kabisa, kama dari lingekuwa sakafu na kitambaa kingekuwa zulia. Kipande cha kuvuka ukumbi, pamoja na mbonyeo na sehemu ya kufungia, kinakula kama mita 13, kwa hiyo kila jora lilimpa vipande vitatu tu. Vipande tisa jumla. Alipoviweka na marinda vikaishia kabla ya nusu ya ukumbi. Akavinyoosha vikalala bapa kama shuka la hospitali, na bado mita nne na nusu za mwisho zilibaki mabati matupu. Na upande huo ndio waliokaa wakwe.

Sasa tuufanye ukumbi uleule upya. Kitambaa kinavuka ule upana wa mita 12 na kufungwa kwenye waya wa katikati, kwa hiyo kuna pande mbili za mita 6. Kila upande unabonyea sentimita 60. Wengi mnaogopa huu mbonyeo, mnaongeza mita mbili mbili. Zidisha mbonyeo kwa wenyewe, kisha mara 8, ugawe kwa mara tatu ya umbali: 0.36 mara 8, gawa kwa 18. Jibu ni sentimita 16. Kumi na sita tu! Pande mbili ni mita 12.32. Weka sentimita 30 za kufungia kila mwisho na kidogo ya kukunja pale katikati, kata mita 13.

Najua kuna dada pale nyuma anataka kusema paa la ukumbi wake limeinuka katikati. Limeinuka kiasi gani? Mita moja na nusu? Basi kila upande unaongezeka kama sentimita 18. Ongeza na uendelee, hapo si mahali pa kulilia.

Kinachokula kitambaa ni marinda. Nikitaka marinda ya mara mbili, kipande cha mita moja na nusu kinafunika sentimita 75. Mita 18 za urefu wa ukumbi gawa kwa 0.75, unapata vipande 24. Mara 13 ni mita 312.

Na hapa ndipo hata wazoefu wanapoteleza: wanagawa 312 kwa 50, wanapata sita na kitu, wananunua majora saba. Jora la mita 50 linatoa vipande vitatu vya mita 13, na linabaki na mita 11 ambazo hazifiki ng'ambo. Majora saba ni vipande 21. Unahitaji manane. Sitaki kusikia habari ya kuunga mabaki, kiungo kikikaa juu ya taa kila mtu anakiona.

Mabaki yana kazi yake. Ukuta wa nyuma ya maharusi una kimo cha mita 4; ukiweka upindo juu na chini, kata mita 4.3. Kila baki la mita 11 linatoa viwili, manane yanatoa 16, na 16 mara sentimita 75 ni mita 12, yaani ukuta mzima bila kununua kitu. Ila muulize muuzaji kama jora lake ni mita au yadi. Yadi 50 ni kama mita 45.7, dari litatosha vilevile, lakini baki ni mita 6.7, na nusu ya ukuta wako imeondoka.

Mteja hana hela? Punguza marinda, usipunguze urefu. Kwa mara moja na nusu unahitaji vipande 18, majora sita. Satini itavumilia. Shifoni haitavumilia, mabati yataonekana.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Kitambaa cha kutokea katikati kama mwavuli nakiacha, ila marinda yake pimeni ukutani, siyo kwenye kitovu.

Meza kuu, haraka. Urefu mita 6, upana na kimo sentimita 75. Sketi inazunguka mbele na pembeni, mita 7.5, na kwa marinda ni 15. Kwenye ukuta kila baki lilibakiza mita 2.4, lipasue katikati kwa urefu, unapata mita 4.8 za sketi. Mabaki manne yanatosha, viungo vinajificha kwenye marinda. Juu ya meza ndipo usiunge: nunua mita sita na nusu zake peke yake.