Salio Linakatwa Kila Asubuhi? Dai Lirudi Hivi

Haya, karibuni tena kibandani kwangu. Mimi nauza vocha na kusajili laini hapa, na wiki haiishi bila mteja kuniambia, "Kaka, nimeweka elfu mbili jana, leo haipo, na sijapiga simu."

Simu hii ni ya mama mmoja jirani, kaniruhusu nirekodi. Usiku tulizima data, tukabonyeza *102#: salio 1,850. Asubuhi tena *102#: 1,700. Zimekwenda 150, na simu ilikuwa imelala. Kwa hiyo si intaneti. Hapo shuku huduma ya kujiunga: dondoo za mapenzi, michezo, maneno ya dini.

Fungua meseji. Ngoja, kioo kinang'aa, nigeuke kivulini... sawa, mnaona? Namba fupi, tarakimu tano, imeingia saa 12:04 asubuhi. Usiifute! Najua inakera, ila usiifute, huo ndio ushahidi. Ipige picha, saa na namba vionekane. Hesabu siku: huyu mama ana meseji 21, mara 150, ni shilingi 3,150.

Kujitoa ni rahisi, tuma neno lililoandikwa kwenye meseji yenyewe.

Sasa piga 100. Hapa nawaomba msikilize sana, maana hapa mimi nilipoteza hela yangu mwaka jana. Mhudumu aliniambia, "Tayari nimekuondoa, kuna lingine?" Nikashukuru, nikakata simu. Makato yakakoma, hela haikurudi. Kuondolewa ni ombi moja, kurudishiwa ni ombi jingine! Yataje yote mawili. Sema hivi: "Naomba jina la huduma, tarehe niliyojiunga na njia iliyotumika kuniunganisha. Sikuridhia, naomba nirudishiwe 3,150." Kisha unyamaze, umwache atafute.

Akisema ulijiunga mwenyewe, uliza kwa njia gani. Wakati mwingine mtoto alibonyeza tangazo, na hapo dai lako linakuwa dhaifu, tuseme ukweli.

Kabla hajakata, omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Narudia, usikate simu bila hiyo namba. Mimi huiandika kwenye daftari, pamoja na tarehe na jina la mhudumu. Bila hiyo, ukipiga kesho unaanza upya.

Oh, simu inaita... subirini. Nimerudi. Na hili ni muhimu: mtu akikupigia baadaye akidai anakurudishia, akaomba namba ya siri, kata. Salio linarudishwa bila namba ya siri.

Wakikukatalia, au wakikaa kimya, peleka lalamiko TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano Tanzania. Nao watauliza kwanza kama umeshalalamika kwa mtandao wako, na hapo ndipo unatoa ile namba ya kumbukumbu, picha za meseji na hesabu yako.

Huyu mama alirudishiwa salio siku ya nne. Tubonyeze *102# pamoja muone.