Kadi za Kanuni za Maadili: Kisa cha Majibu ya VVU

Karibuni. Leo tunatengeneza kadi moja tu ya maadili ya uuguzi, ila tuimalize vizuri.

Chukua manila ya A4, ikunje mara mbili, kata kwenye mikunjo. Unapata kadi nne. Andika kwa kalamu ya kawaida. Maka peni inapenya, na jibu litasomeka upande wa pili.

Mbele andika kisa kwa sentensi tatu au nne. Chetu ni hiki: “Mjamzito amepimwa VVU kwenye zahanati moja pale Uyole, majibu ni chanya. Kesho yake mume anakuja peke yake na kadi ya kliniki ya mkewe, anauliza majibu. Wewe ndiye muuguzi wa zamu. Unafanya nini?” Neno “usiri” lisionekane mbele. Ukiliandika, umeshatoa jibu.

Sasa geuza. Wengi huku nyuma wanaandika maana ya usiri, basi. Hiyo ni kadi ya kukariri. Anza na maneno ya kisa yanayoigusa kanuni: “peke yake”. Mke hayupo, hajaridhia. Kushika kadi yake si ridhaa. Hapo ndipo uhuru wa mteja kujiamulia unapoingia, na usiri unatokana nao.

Mstari unaofuata, andika kanuni inayovutana nayo: kutodhuru. Mume naye anaweza kuambukizwa. Usiuruke mstari huu, maana bila mvutano hakuna swali la maadili. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka aliyeambukizwa amjulishe mwenzi wake, kwa hiyo kazi yako ni kumsaidia mama aseme, kwa ushauri nasaha.

Kisha andika kitendo, kwa maneno utakayoyatamka mdomoni: “Baba, hapa majibu ya kila mteja tunampa mwenyewe, hata yakiwa mazuri. Mkija wote wawili, tutawahudumia pamoja.” Angalieni hilo “kila mteja”. Ukisema tu “siwezi kukuambia” huku umeinamisha macho, umeshamwambia.

Chini kabisa acha nafasi ya “Ingekuwaje kama…”. Badilisha jambo moja tu: mama amesema anaogopa kupigwa. Sasa hata ule mwaliko wa kuja pamoja unahitaji kupangwa na mama kwanza, kwa sababu kutodhuru kumehamia upande wake. Mkibadilisha mambo mawili kwa mpigo, hamtajua lipi limegeuza jibu.

Na kisa msikitoe wodini kama kilivyo. Kufuta jina hakutoshi: “mwalimu wa kike, mjamzito, anatoka kijiji fulani cha Rungwe” anajulikana na kijiji kizima. Badilisha kazi, umri na mahali, halafu mpe mwenzako aliyekuwa zamu hiyo asome. Akimtambua mgonjwa, chana kadi, andika nyingine.